Bei kwa yuro, malipo kwa dola: nani anabeba gharama ya kubadilisha fedha?

Maduka ya mtandaoni ya Afrika Mashariki yanayouza ng'ambo hushauriwa mara kwa mara yaonyeshe bei kwa sarafu ya kila mteja: Mjerumani aone yuro, Mwingereza pauni, Mmarekani dola. Ushauri una mantiki. Lakini hauelezi kwamba fedha bado itabadilishwa mahali fulani kati ya pochi ya mnunuzi na akaunti ya muuzaji, na kwamba kuna mtu atakayelipia mabadiliko hayo.

Tuchukue duka la Nairobi linalouza vyondo. Kiondo kimoja ni shilingi 6,500. Mnunuzi wa Hamburg akiona "KES 6,500" hawezi kujua kama ni ghali au rahisi bila kufungua ukurasa mwingine na kupiga hesabu, na akishatoka hapo huenda asirudi. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka sarafu nyingi, na sina la kuipinga.

Tatizo linaanzia kwenye namna inavyotekelezwa. Njia rahisi ni kuweka programu-jalizi inayochukua kiwango cha siku na kugeuza maandishi ya bei tu. Tukikadiria yuro moja kuwa shilingi 150, mteja ataona €43.33. Anajaza kikapu, anafika kwenye malipo, na huko anatozwa kwa dola, kwa sababu PayPal haitumii shilingi ya Kenya wala ya Tanzania, na duka linaloitegemea hulazimika kutoza kwa sarafu nyingine. Benki ya mteja nayo inageuza dola kuwa yuro kwa kiwango chake, na kadi nyingi huongeza ada ya muamala wa nje. Taarifa ya benki inakuja na €44 na senti kadhaa. Tofauti ni ndogo, lakini mteja aliahidiwa €43.33 na hakuna aliyemwambia kwamba yalikuwa makadirio. Kwa macho yake duka limemdanganya. Kwa maoni yangu duka la namna hii ni afadhali liandike bei ya dola peke yake. Na likitaka kuonyesha yuro, liiweke kwa maandishi madogo yenye neno "takriban", huku dola ikibaki ndiyo bei yenyewe hadi kitufe cha mwisho.

Njia ya pili ni kutoza yuro kwelikweli. Mteja anaona €45, analipa €45, na benki yake inatoa €45 bila ada ya kubadilisha. Sasa gharama imehamia dukani. Kampuni ya malipo ikikata, tuseme, asilimia 3 kwa kubadilisha, zinabaki €43.65, ambazo ni kama shilingi 6,550. Duka limepata bei yake kwa sababu liliongeza kidogo kabla. Kama lingeacha ile €43.33 iliyotoka kwenye kikokotoo, lingepata kama shilingi 6,300, na upungufu huo wa shilingi mia mbili hivi usingeonekana popote isipokuwa kwa mtu anayelinganisha oda moja moja na fedha iliyoingia benki. Wauzaji wengi hutazama jumla ya mwezi tu, na ndiyo maana hawauoni.

Halafu kuna kuyumba kwa shilingi, na hapa kila upande una hoja nzito. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Duka lililopanga bei ya kudumu ya dola 40 lilikuwa linapata shilingi 6,400 kwa kiondo, kisha 5,200 kwa kiondo kilekile, wakati msusi wa Machakos analipwa kwa shilingi na hana sababu ya kushusha ujira wake. Duka lililoacha programu igeuze bei kila siku lilibaki na shilingi zake 6,400, lakini mteja wa nje aliona bei ikipanda kutoka dola 40 hadi 49 bila kiondo kubadilika hata uzi mmoja. Tukio ni moja. Tofauti ni nani kaumia. Mimi naegemea bei ya kudumu kwa kila sarafu, inayopitiwa upya kila robo mwaka au kiwango kikisogea zaidi ya asilimia 5, kwa sababu mteja huona bei tulivu na nzima kama €45, na muuzaji hulazimika kuamua mwenyewe badala ya kuamuliwa na mashine. Lakini anayeuza bidhaa yenye faida nyembamba, kwa mfano kahawa kwa kilo, hawezi kusubiri robo mwaka. Huyo bei ya kila siku inamfaa zaidi.

Kurudisha fedha ndiko kunakoonyesha tofauti waziwazi. Aliyetozwa kwa dola akirudisha mzigo wiki 3 baadaye, duka litamrejeshea dola zilezile, lakini benki yake itazigeuza kwa kiwango cha siku hiyo, na mara nyingi atapata yuro pungufu ya alizotoa. Atalilaumu duka. Aliyetozwa yuro atarudishiwa €45 kamili, na hasara ya kiwango, kama ipo, ni ya duka.

Swali la nani aone sarafu ipi lina mtego wake. Programu nyingi hukisia kwa anwani ya mtandao ya mgeni. Kurasa za duka zikihifadhiwa kwenye kache, yaani nakala moja iliyo tayari kwa kila mgeni ili zifunguke haraka, mgeni wa kwanza kutoka London anaweza kusababisha kila anayemfuata aone pauni. Ni rahisi kupima tatizo hili: fungua ukurasa mmoja wa bidhaa kwa simu mbili, moja ikiwa na VPN inayoifanya ionekane iko nchi nyingine, uone kama bei zinafuata mahali. Kwa duka la Tanzania kuna jambo la ziada. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kunadi bei ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo kitufe cha kuchagua dola kilicho wazi hata kwa mnunuzi wa Mwanza si cha kuachwa hivihivi. Salama zaidi ni sarafu ifuate nchi mzigo unakopelekwa, na anayepelekewa ndani ya Tanzania aone shilingi tu.

Wateja wa Ghuba ni kesi ya pekee. Riali ya Omani na dirhamu ya Imarati zimefungwa kwa dola kwa kiwango kisichobadilika, hivyo mnunuzi wa Maskati akiona dola 50 anajua ni riali 19 na ushei leo na mwezi ujao. Faida ya kumwekea riali ni ndogo, na hatari ipo. Riali ina baisa 1,000, yaani tarakimu 3 baada ya nukta. Mifumo mingi ya malipo hupokea kiasi kama namba nzima ya kipimo kidogo kabisa cha sarafu: riali 19.225 inatumwa kama 19225. Programu inayodhani kila sarafu ina tarakimu 2 itatuma 1922, na kiondo kitauzwa kwa riali 1.922. Kwa yeni ya Japani, isiyo na senti, kosa hugeuka: mteja hutozwa mara mia. Kabla ya kuwasha sarafu yoyote mpya, lipa oda moja ya kweli kwa kadi yako, kisha soma kiasi na jina la sarafu kwenye taarifa ya benki, si kwenye skrini ya duka.