Nicole Ni Nani?

Najua mmeshasikia. Shoga yangu amesimulia kwenye grupu letu la vikoba, sauti ya dakika nne nzima, na humo mimi ni mganga wa mchongo wa Sinza niliyetaka kuvunja uchumba wa watu kwa karata za Kizungu. Haya, na mimi niseme. Yamenikuta juzi Jumanne, nikikumbuka bado nang'ata mto.

Karata zenyewe ni taroti za Marseille, zile za kutazamia mambo. Dada yangu anafanya usafi kwenye hoteli moja ya ufukweni, mgeni mmoja Mfaransa akamwachia, yeye akaziogopa akaniletea mimi. Ziko 78. Kuna 22 zenye picha kubwa kubwa, jua, mnara, mauti na wenzao. Kuna 16 za wafalme na watu wa nyumba yao. Zinabaki 40 za namba, na hizo ndizo zilizonitia adabu. Hazina picha ya mtu analia wala watu wamekumbatiana. Ukichomoa vikombe vitano unaona vikombe vitano na maua yamevizunguka. Basi. Mengine tafuta mwenyewe.

Mimi nilijifunza njia ya kuunganisha aina na namba, nikaiandika nyuma ya risiti ya luku. Aina ziko nne: vikombe ni moyo, panga ni akili na maneno, fimbo ni hamu na kazi, sarafu ni pesa, mwili, nyumba. Namba nazo zina tabia zao. Moja ni mbegu. Mbili ni vitu viwili vinatazamana, kitu bado hakijazaliwa. Tatu ni kuchipua, nne ni kutulia, tano inatikisa, na kuendelea hivyo mpaka saba, ambayo ni kutoka kwenda kulitafuta jambo kwa nguvu. Unachukua aina, unachukua namba, unavioanisha. Vikombe viwili: mioyo miwili inatazamana. Rahisi, si ndiyo? Na mimi nilidhani hivyo hivyo.

(Wewe unayeandika "ushirikina huo" nakuona. Subiri nifike mwisho ndipo uniombee.)

Sasa shoga yangu ana mtu wake, yule kaka fundi viyoyozi anayeishi ng'ambo, Kigamboni. Siku ya sita hiyo hapigi, ujumbe anajibu "poa" na "nipo bize." Jumanne saa mbili usiku shoga akaja kwangu na chipsi mayai, hajavua hata viatu: "Nichomolee karata, nijue moja." Nikamwambia tupange swali vizuri, maana karata hazijibu mtu yuko wapi wala yuko na nani, zinaonyesha jambo linavyokwenda. Hilo nililisema jamani, mashahidi ni zile chipsi. Tukakubaliana swali: huyu bwana na mimi tunaelekea wapi?

Nikachanganya, akakata, nikamwaga tatu mezani. Na wakati huo huo umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu. Chaji asilimia tisa.

Ya kwanza, vikombe viwili. Hiyo haina ubishi, kuna ua katikati limepanda juu na vichwa viwili vya samaki vinatazamana. Shoga akapiga makofi. "Mapenzi!" Nikamwambia mapenzi yapo, ila ni mbili, bado mnatazamana tu. Mpaka hapo mimi ni mwalimu kabisa.

Ya pili ndiyo hii. Naomba twende taratibu.

Namba iliyoandikwa pembeni ilikuwa VII. Saba. Katikati naona vitu virefu vimepishana, na kimoja kimesimama wima. Sasa katika karata hizi panga na fimbo zote huchorwa ndefu, zimepishana, na namba ikiwa witiri kunakuwa na moja inayosimama peke yake katikati. Kwa mwanga wa tochi inayokufa, na mafuta ya chipsi kwenye kidole, nikasema: panga. Panga saba.

Hapo nilipaswa kuvioanisha kama nilivyofunzwa: maneno, na kulitafuta jambo kwa nguvu. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na picha nyingine. Kuna taroti iliyotoka London mwaka 1909, michoro ya Pamela Colman Smith, ambayo hata karata za namba zina picha za watu. Kwenye panga saba ya humo kuna jamaa ananyata na panga tano mkononi, mbili kaziacha nyuma, anageuza shingo aone kama ameonekana. Mwizi mtupu! Picha hiyo haipo kwenye karata iliyokuwa mezani kwangu. Mimi nikaitoa kule nikaibandika huku, kama mtu anayeenda kusuluhisha ugomvi wa jirani kwa kesi ya ukoo wake.

Nikavuta pumzi. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya uganga: "Shoga, kuna mtu ananyata."

Akaacha kutafuna.

"Anaiba?"

"Ananyata, ana vitu anavificha."

Ningeishia hapo, leo tungekuwa tunasimuliana mengine. Nikasogeza tochi kwenye ya tatu. Sarafu mbili, moja juu, moja chini, na utepe umezizunguka kwa kupinda kama herufi S. Na juu ya utepe, ndugu zangu, kumeandikwa jina. Herufi za zamani, zimefifia, nikasoma N, I, C, O, L...

"Nicole," nikasema.

Mwenzenu nilisema kwa sauti.

Shoga akainuka. "Nicole ndiyo nani?" Nikamwambia tulia, sarafu ni pesa, ni nyumba, labda... Akamalizia mwenyewe: "Labda ana nyumba na Nicole!" Simu yake ikawa hewani kabla sijafunika karata. Akaweka spika ili mimi niwe shahidi. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

Shoga hakusalimia. "Wewe mwongo, unanyata, kila kitu nimeshakijua, Nicole ni nani? Umemjengea? Sema Nicole ni nani!"

Kimya. Nyuma kunasikika koleo linakwangua sakafu. Halafu ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, ya polepole kabisa:

"Mwanangu, mikono yake ina saruji, nimemshikia simu mimi mama yake. Huyo Nicole ni nani?"

Shoga akanitazama. Mimi nikaitazama chipsi. Tochi ikazima. Na gizani ile sauti ikaendelea, sasa imegeuka upande wa pili: "Baba, hebu njoo hapa. Kuna Nicole?" Nasikia koleo linaanguka. Nasikia kaka wa watu anasema, "Nicole gani, mama? Wallahi simjui." Na shoga yangu, ambaye kwa miezi minane amekuwa akiomba siku ya kutambulishwa kwa mama mkwe, akajibu kwa heshima zote, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani anaongea?"

Akakata simu.

Sitawaeleza tuliyoambiana baada ya hapo, mengine ni matusi. Kwa ufupi, kaka alikuwa anamalizia chumba na sebule kwenye kiwanja cha mama yake, kila akitoka kazini anavuka na pantoni anakanda zege, alitaka kumshtukiza mwenzake. Sapraizi imeharibika, mama amekasirika, chipsi zangu zimeondoka na mwenyewe.

Asubuhi nikapita kijiweni kwa wazee wa kahawa, wale wanaocheza karata chini ya mwarobaini, pakiti nzima iko kwenye mkoba, zile tatu juu. Mzee mmoja, namwita babu ingawa si wangu, akaona nanung'unika akasema lete. Akaipindua ile saba juani, sekunde mbili tu.

"Hii pau."

"Babu, panga hizo. Shupaza."

"Shupaza inapinda, mjukuu wangu. Pau imenyooka."

Akaniomba nyingine za mkobani nione. Na kweli. Panga kwenye karata hizi zimepinda kama mbavu, zinapishana juu na chini tu, katikati zinaacha uwazi wenye umbo la jicho, na panga moja nyoofu ndani yake. Fimbo zimenyooka tupu, zinapishana pale pale katikati mpaka zinasukana kama fito za ukuta wa udongo. Angalia kitovu cha karata: pako wazi, panga, pamesukwa, fimbo. Mtoto wa chekechea angeona. Mtoto huyo lakini awe na umeme.

Kilichonimaliza ni majina. Kopa, shupaza, pau, uru, tumeyasema tangu utotoni, na yote ni Kireno. *Copas* ni vikombe. *Espadas* ni panga. *Paus* ni fimbo. *Ouros* ni dhahabu, yaani sarafu. Aina zile zile nne za Marseille nimezishika kinywani miaka yote nikicheza wahedi wa sitini, halafu nakwenda kuandika risiti ya luku kama nasomea udaktari. Kwa hiyo karata zangu zilikuwa kopa mbili, pau saba, uru mbili. Zisome mwenyewe: mioyo miwili inatazamana, mtu anahangaika na kazi kwa nguvu zote, na mwisho mbili tena, safari hii za pesa na nyumba, bado hazijakamilika. Mbili huku na mbili kule, na kazi katikati. Mimi hapo nikaona mwizi.

Na Nicole? Babu hakujua, ila ana miwani nzuri, akanisomea herufi zote. NICOLAS. Nicolas Conver, fundi wa kutengeneza karata wa Marseille, na pembeni mwaka 1760. Kwenye sarafu mbili ndipo mtengenezaji huweka jina lake, utepe ule una nafasi. Ni kama chapa ya kiwanda kwenye kitenge. Nimemsingizia mwanaume wa Kigamboni kwamba amemjengea nyumba fundi wa Kifaransa wa miaka zaidi ya mia mbili na hamsini iliyopita.

Shoga ameshasamehewa, alivuka jana na kilo tano za mchele na mimi nimechangia nusu. Mama mkwe amecheka, nasikia, ila amesema huyo rafiki wa karata asije kwake kwanza.

Kwenye vikoba wamebadilisha jina langu. Mhazini kanitumia ujumbe leo asubuhi: "Nicole, mchango wako wa wiki bado."