"Hapo Mbele": Kichekesho cha Watu Wawili Ndani ya Daladala

Vichekesho vingi vya daladala ninavyoletewa nisome vinaanza na konda. Anapiga kelele, anasukuma watu, anagoma kurudisha chenji. Tunacheka mara moja basi, kwa sababu konda hana anachokikosa: gari limejaa, yeye kesharidhika. Kwa maoni yangu konda abaki sauti tu nje ya picha, na wahusika wawili wawe aliyekaa na aliyesimama juu yake.

Kati yao kuna kitu kimoja tu, siti. Tena kuna swali ambalo kila aliyewahi kuning'inia kwenye bomba jioni analijua: "Kaka, unashukia wapi?" Jibu nalo tunalijua. "Hapo mbele." Hapo mbele panaweza kuwa kituo kinachofuata, panaweza kuwa mwisho wa gari.

Mara ya kwanza nilipoandika kisa hiki nilikosea. Aliyesimama nilimfanya mama mjamzito. Tuliwasomea majirani uani, na hakuna aliyecheka. Walimchukia kijana aliyekaa, na bibi mmoja akaanza kumgombeza kweli kweli. Mjamzito ana haki ya siti, kwa hiyo kisa kikageuka mahubiri. Nikambadilisha. Sasa ni wanaume wawili wa rika moja, wote wametoka kazini, hakuna mwenye haki kuliko mwenzake. Hapo ndipo watu wakaanza kucheka.

Halafu nikaongeza begi. Dar es Salaam aliyekaa humpakatia aliyesimama mzigo wake, hata kama hawajuani. Ni wema, na kwenye kichekesho ni mtego: huwezi kumfokea mtu aliyekushikia begi. Kwa hiyo aliyesimama analazimika kuuliza kwa adabu, na adabu hiyo inazidi kumbana kila kituo kinapopita. Gari linatoka Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, saa 12 jioni.

SAUTI YA KONDA: Banana! Kuna kushuka Banana?

ALIYESIMAMA: Kaka, samahani. Unashukia wapi?

ALIYEKAA: Hapo mbele tu. Lete begi nikupakatie.

ALIYESIMAMA: Ubarikiwe. (Anasogeza miguu, anajiandaa kukaa.)

SAUTI YA KONDA: Airport!

ALIYESIMAMA: Ndiyo hapa?

ALIYEKAA: Hapa ni Airport. Mimi nimesema mbele.

SAUTI YA KONDA: Tazara! Tazara wapo?

ALIYESIMAMA: Kaka, Tazara hii. Hata treni inasimama.

ALIYEKAA: Begi lako zito, una nini humu?

ALIYESIMAMA: Viatu vya kazini.

ALIYEKAA: Ndiyo maana. (Anageuzia uso dirishani.)

Angalia anavyokwepa. Hadanganyi hata mara moja, na akidanganya kisa kinakufa, maana mwenzake atapata sababu ya kugomba. Mistari nayo iwe mifupi. Kisa kizima kisizidi dakika moja na nusu, na ukikisoma kwa sauti huku umeshika saa utajua mapema pa kupunguza.

Gari halihitajiki. Sisi tulitumia viti viwili vya plastiki, na mpini wa fagio ukashikwa juu na mtu asiyeonekana. Kinachowaumbua wengi ni kuyumba. Dereva akikanyaga breki, wote wawili wanakwenda mbele kwa pamoja. Mmoja akiyumba kushoto na mwingine kulia, mtazamaji anaona viti vya plastiki papo hapo. Tulimpa mshika mpini kazi ya kugonga ukuta mara moja kwa breki, mara mbili kwa kona.

Mwisho ulinisumbua wiki nzima. Nilijaribu ngumi, nikajaribu begi lipotee, yote yalikuwa ya kulazimisha. Jibu lilikuwa kwenye kugeuza. Jioni watu hupanda gari linaloelekea mjini wakati nyumbani kwao ni upande wa pili, wafike mwisho nalo, warudi wamekaa. Wanalipa nauli mara mbili kwa ajili ya siti.

SAUTI YA KONDA: Kariakoo, mwisho wa gari! Wote tunashuka!

ALIYESIMAMA: (Anachukua begi lake, anatabasamu.) Haya kaka. Mbele ndiyo hapa.

(Aliyekaa hasogei.)

ALIYESIMAMA: Mbona hushuki?

ALIYEKAA: Nageuza. Wewe je?

ALIYESIMAMA: Na mimi nageuza. Basi nitakaa siti nyingine, hawa wanashuka.

(Anageuka kutazama nyuma ya gari. Kimya. Hakuna anayenyanyuka.)

SAUTI YA KONDA: Wa kugeuza nauli mkononi!

(Aliyesimama anageuka taratibu, anashika bomba.)

ALIYEKAA: Lete begi nikupakatie.