Gari langu halikuwa bovu, jamani

Kwa kuwa shoga yangu keshawasimulia ya kwake kuhusu siku nilipoleta gari nyumbani likagoma kuwaka, ambayo ndani yake nimelia na kugaagaa chini, acheni niseme ya kweli. Sikugaagaa.

Miaka sita nimedunduliza. Mjomba akishikilia ninunue gari la gia za kawaida, eti otomatiki ikifa gia boksi unauza vyuma chakavu. Shangazi yeye alitaka rangi nyeupe tu, hana hoja nyingine. Mimi nikachagua otomatiki, rangi ya kijivu. Na nilikagua! Siku ya kwanza nilimkuta muuzaji keshaliwasha, nikagusa boneti, ya moto. Nikamwambia nitarudi kesho, sitaki liwashwe kabla sijafika, maana injini iliyokwisha pata moto inaficha mengi. Kesho yake nikaliwasha likiwa baridi, nikasimama nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi wa bluu hakuna, kwa hiyo haili oili. Nilijiona fundi mkuu. (Wewe unayecheka, subiri.)

Sasa naingia nyumbani. Ukoo mzima uko getini, vigelegele, Shangazi keshafungua mlango kabla sijasimama sawasawa. Nikakanyaga breki, nikavuta hendibreki, nikazima, nikashuka kama bibi harusi.

Mjomba akasema, "Hebu washa tusikie mlio."

Nikarudi kwenye kiti. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Si kwamba injini ilikohoa ikakataa. Hata stata haikulia. Taa za dashibodi zinawaka zote, zinanitazama. Nikazungusha tena, taratibu, kama ninayembembeleza mtoto. Kimya. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, cha mwisho cha jirani. Nikajaribu kuchomoa ufunguo nijifanye nimeghairi. Hautoki! Nikavuta kwa mikono miwili.

"Na ufunguo umekwama," Mjomba akawatangazia wa nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Nilisema otomatiki."

Nikampigia muuzaji, simu hewani, watu wote wanasikia. Nikamwita tapeli. Nikamwita mla jasho la mwanamke. Maskini akaniuliza, "Dada, gia umeiacha wapi?" Nikamjibu, "Usinibadilishie mada!" Nikakata.

Wanaume wakaanza kusukuma. Gari likagoma, kwa sababu (nasema hili kwa sauti ya chini) hendibreki ilikuwa juu bado.

Ndipo mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na moja, akachungulia dirishani.

"Mama mdogo, mbona iko kwenye D?"

Otomatiki haiwaki ikiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele. Inataka P ya kuegesha au N ya gia huru, na ufunguo hautoki mpaka gia irudi P. Yote mawili yamewekwa makusudi, gari lisije likaondoka lenyewe. Nikasukuma gia hadi P. Likawaka mara moja, likinguruma vizuri kweli.

Muuzaji nimemwandikia ujumbe wa kuomba radhi. Ameusoma. Hajajibu.