"Ship" na "sheep": tuache kuwafundisha watu kupima urefu

Shemeji yangu ni mtu wa Mombasa. Siku moja tukiwa barazani alinitamkia maneno mawili, paa la nyumba na paa wa porini, akaniuliza kama nasikia tofauti. Sikusikia. Akarudia taratibu, safari hii ameushika mkono wangu na kuuweka mbele ya mdomo wake. Paa wa porini alikuja na pumzi iliyonigonga kiganjani, paa la nyumba likapita kimya. Tembo naye ni vivyo hivyo: mnyama ana pumzi, tembo la mnazi halina. Mimi nimezaliwa Dodoma na nimesema Kiswahili maisha yangu yote, lakini jambo lililo wazi kwake kama jua la saa sita, kwangu halikuwapo kabisa mpaka kiganja kiliponiambia.

Barazani pale nilielewa kitu ambacho vitabu vyangu vya ualimu havikuwa vimeniingiza. Mtu asiyesikia tofauti si mzembe wala hana tatizo la masikio. Sikio lake limeshajifunza, tangu utotoni, kwamba tofauti hiyo haibebi maana, kwa hiyo linaitupa kabla yeye mwenyewe hajajua.

Jioni nafundisha wauguzi wanaojiandaa na mtihani wa IELTS. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40, na kila rekodi inasikika mara moja tu. Karibu wote wanaokuja kwangu wamekwisha kuambiwa shuleni kanuni ileile: "sheep" ina i ndefu, "ship" ina i fupi, basi sikiliza urefu. Nami niliifundisha hivyo kwa miaka. Leo nasema wazi kwamba kanuni hiyo inawapotosha wanafunzi wetu, na inawapotosha hasa kwenye mtihani.

Walimu waliotufundisha hawakusema uongo. Mtu mmoja akitamka "ship" kisha "sheep" kwa mwendo uleule, ya pili huwa ndefu zaidi. Lakini kwenye mtihani hakuna anayekutamkia maneno mawili yakiwa yamepangwa bega kwa bega. Unapewa moja tu, ndani ya sentensi inayokimbia, na ukitaka kupima urefu unakosa cha kulinganishia.

Kuna jambo zito zaidi. Katika Kiingereza, urefu wa irabu unaamuliwa kwa kiasi kikubwa na konsonanti inayoifuata. Ikifuatiwa na p, t, k, s au f, yaani konsonanti zisizo ghuna, irabu inakatwa. Ikifuatiwa na b, d, g, v, z, l au n, inaachwa ivutike. Chukua maneno manne: "bit", "beat", "bid", "bead". Kwa kanuni ya shuleni, mawili yenye i fupi ni "bit" na "bid". Ukweli ni kwamba irabu ya "bid" mara nyingi inafikia urefu wa ile ya "beat", na pengine inaupita, kwa sababu d imeiachia nafasi na t imeikata mwenzake. Anayesikiliza urefu atasikia "bid" na kuandika "bead", na atasikia "beat" na kuandika "bit". Amefuata kanuni aliyopewa bila kosa lolote, na amekosa maswali yote mawili.

Sasa kama si urefu, ni nini? Ni mahali ulimi unapokaa. I yetu ya Kiswahili, ile ya "siti" au "kiti", inakaribiana sana na irabu ya "sheep". Irabu ya "ship" kwetu haipo. Inakaa katikati ya i na e. Mwaka 1952 Peterson na Barney, wa maabara za Bell kule Marekani, walichapisha vipimo vya irabu za watu 76. Kwa wanaume, mwangwi wa kwanza wa kinywa, ule unaopanda kadiri taya linavyoshuka, ulikuwa wastani wa Hz 270 kwenye irabu ya "sheep", Hz 390 kwenye ya "ship" na Hz 530 kwenye ya "bed". Tazama hiyo 390 ilivyojipenyeza karibu katikati kabisa. Wenye lugha wanategemea zaidi rangi hiyo ya sauti, na urefu wanauchukua kama nyongeza.

Darasani naifanya hivi. Kila mtu anasema i na kuivuta, kisha anaitelezesha polepole hadi e bila kukata pumzi, kidole kikiwa kidevuni. Halafu anarudi nyuma. Baada ya mara tatu nne namwambia asimame nusu ya njia, kidevu kikiwa kimeshuka kidogo tu, ulimi umelegea. Sauti hiyo ya ajabu isiyo i wala e ndiyo ya "ship". Naomba waitamke fupi, kisha waivute mpaka pumzi iishe, wajionee kwamba hata ikivutwa haigeuki kuwa "sheep". Ikivutwa inabaki "ship" iliyovutwa. Hapo nyuso hubadilika. Kwa mara ya kwanza wanaona kwamba hizi ni sauti mbili tofauti. Zamani walidhani ni moja yenye vipimo viwili.

Nimtaje mwanafunzi mmoja, bila jina. Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, Kiingereza chake cha kuandika safi kabisa. Nilimpa jozi kumi, maneno 20 yaliyochanganywa, asikie moja moja na kuweka alama. Jozi tano ziliishia na konsonanti isiyo ghuna: "ship" na "sheep", "chip" na "cheap", "bit" na "beat", "sit" na "seat", "lick" na "leak". Tano nyingine ziliishia na ghuna: "live" na "leave", "fill" na "feel", "bid" na "bead", "rid" na "read", "bin" na "bean". Akapata 12.

Wengi wangesema amepita nusu, anaendelea vizuri. Lakini kwenye zoezi la majibu mawili, mtu aliyeziba masikio na kubahatisha anapata kumi kwa wastani, na karibu mmoja kati ya kila wabahatishaji wanne hufikisha 12 au zaidi. Mimi nasubiri 15, kwa sababu hapo ndipo bahati peke yake inafika kwa nadra, kama mara mbili katika mia. Kwa hiyo 12 haikuniambia kwamba anasikia. Kilichoniambia kitu ni makosa yenyewe. Upande wa "sheep" alipata nane kati ya kumi, akakosa "beat" na "cheap". Upande wa "ship" alipata nne tu. Maneno matano yote yanayoishia na ghuna, "live", "fill", "bid", "rid" na "bin", aliyaita marefu, na la sita alilokosa lilikuwa "chip". Ukiangalia jumla peke yake unaona mtu anayebahatisha. Ukipanga makosa kwa konsonanti ya mwisho unaona mtu mwenye mfumo, anayepima urefu kwa uaminifu mkubwa kama alivyofundishwa.

Mtu wa namna hii ukimwongezea mazoezi ya aina ileile unamwongezea kosa. Wiki mbili nilimnyima kabisa maneno yanayoishia na t au p. Nilimpa "live" na "leave", "fill" na "feel", pale ambapo urefu unamdanganya, na kila jibu aliambiwa hapohapo kama ni sawa au si sawa kabla ya neno lililofuata. Zoezi lilikuwa la dakika kumi na tano kwa siku. Alilalamika kwamba anazidi kuharibika, na kweli alama zilishuka kwanza. Nadhani ni lazima zishuke, kwa sababu ameacha fimbo aliyozoea kuegemea.

Sauti za wasemaji nazo zisiwe moja. Logan, Lively na Pisoni waliwafundisha Wajapani kutofautisha r na l za Kiingereza, wakachapisha matokeo mwaka 1991. Waliwapa sauti za wasemaji mbalimbali, na masikio yakafunguka. Katika kazi iliyofuata, ya mwaka 1993, waliofundishwa kwa sauti ya msemaji mmoja walimzoea huyo, lakini maendeleo yao hayakuhamia kwa msemaji mgeni. Mwalimu anayesoma orodha kwa mdomo wake mwenyewe mwaka mzima anawafundisha wanafunzi kumsikia yeye. Mimi nakusanya rekodi za watu wanne au zaidi, wanawake kwa wanaume, na mmoja namficha mpaka siku ya kupima.

Mtihani wenyewe unaleta lafudhi za Uingereza, Amerika Kaskazini, Australia na New Zealand, na hapo hata kipimo changu cha nusu ya njia kina mpaka. Kwa watu wengi wa New Zealand irabu ya "ship" imerudi katikati ya kinywa. Kwa Waaustralia wengi inaelekea juu, karibu na i yetu, huku ile ya "sheep" ikianza na mtelezo mdogo kabla ya kutulia. Ukiwasikiliza hawa kwa masikio ya London utapotea kidogo, na dawa ninayoijua ni kuwasikiliza wao wenyewe.

Nina ombi kwa watunga mazoezi: tupumzisheni na kondoo na meli. Ni nadra mno sentensi moja kuweza kubeba vyote viwili. Ukisikia shamba utaandika kondoo hata kama hukusikia irabu yoyote, na mwalimu atadhani umeisikia. Tafuteni sentensi ambazo muktadha haumwokoi mtu. "You can sleep here" na "You can slip here" zote ni sahihi, na kwa muuguzi aliye mlangoni mwa bafu la wodi tofauti yake ni mgonjwa chini sakafuni. "Is he still living here?" na "Is he still leaving here?" nazo zinapishana kwa irabu moja, na kwenye mazungumzo ya kupanga nyumba, ambayo ni ya kawaida katika mtihani, jozi hii hurudi kila mara kwa sura mbalimbali.

Na matamshi? Siwagusi. Kiingereza cha Dar es Salaam na Nairobi kwa wengi hutamka "ship" na "sheep" sawasawa, na watu wanaelewana, wanafanya biashara, wanatibu wagonjwa. Sehemu ya kusikiliza haimpimi mtu anavyotamka. Yule muuguzi mpaka leo akisema "ship" nasikia kondoo. Siku ya kupima nilimpigia sauti ya msemaji niliyemficha, maneno 20. Alipata 17, na "bid" aliiweka mahali pake.