Slaidi ya mwisho: ombi moja au yote kwa pamoja?

"Kwenye posti ya Instagram yenye slaidi kadhaa, slaidi ya mwisho niandike nini ili mtu ahifadhi, ashee au akomenti, asiishie kupita tu?"

Wapo wanaoandika yote: "Hifadhi, shea, komenti, tufuate." Hoja yao ni kwamba watazamaji hawafanani, basi kila mmoja apewe mlango wake. Wengine huomba jambo moja tu, na mimi niko upande wao. Aliyefika slaidi ya mwisho kidole chake kiko tayari kupandisha skrini. Ukimpa maombi manne, umemwongezea kazi ya kuchagua, na kuondoka ndiko kwepesi kuliko yote.

Ombi lenyewe litokane na jinsi posti itakavyotumika. Tuseme ni posti ya Instagram yenye slaidi 8 kuhusu kuondoa madoa kwenye nguo. Msomaji hana doa sasa hivi, atakuwa nalo siku nyingine. Hapo ombi ni kuhifadhi, na sababu yake itajwe: "Wino ukimwagika hutakumbuka hatua hizi. Hifadhi sasa." Maneno hayo yakae peke yake kwa herufi kubwa, pamoja na alama ya kuhifadhi ileile inayoonekana chini ya posti, ili jicho lijue pa kwenda. "Hifadhi kwa ajili ya baadaye" ni dhaifu kwa sababu haisemi baadaye ya lini.

Posti ingekuwa inamgusa mtu mwingine, mathalani makosa ya anayeanza kuishi peke yake, ombi lingekuwa kutuma: "Mtumie anayehama mwezi huu." Ukisema "washee marafiki" hakuna sura inayomjia msomaji kichwani.

Komenti ndizo zenye ubishi zaidi. "Andika NDIYO" huleta idadi haraka, na wanaoitetea hawadanganyi. Lakini maoni hayo hayana mazungumzo ndani yake, na Facebook ilitangaza mwaka 2017 kwamba itapunguza usambazaji wa posti zinazochochea watu kwa namna hiyo. Afadhali swali linalojibika kwa neno moja lenye maana: "Doa gani limekushinda: wino, mafuta au damu?" Kwenye posti yetu ningeliweka katika kapsheni, lisigombanie nafasi na ombi la kuhifadhi.

Wa upande wa kwanza wanaweza kukujibu kwa takwimu zako mwenyewe, kwa hiyo pima. Gawanya idadi ya waliohifadhi kwa idadi ya akaunti zilizofikiwa: 60 kati ya 2,000 ni asilimia 3. Linganisha posti tano za aina moja zenye ombi moja na tano zenye maombi yote, maana posti mojamoja hupanda na kushuka kwa sababu nyingine. Asilimia ikibaki palepale, huenda wengi hawafiki slaidi ya 8. Basi andika "hifadhi posti hii" kwa herufi ndogo kwenye slaidi yenye jedwali la vipimo, kwani hapo ndipo msomaji anapoona kwamba ataihitaji tena.