Ubani kwa sanamu ya Kaisari

Tumezoea kusimuliwa kwamba Kaisari aliketi Rumi akilazimisha dunia nzima imwabudu, na Wakristo wakakataa. Mimi naona masimulizi hayo yanawasahau majirani.

Mwaka 29 KK ni watu wa Asia na Bithinia wenyewe, majimbo ya Rumi katika Uturuki ya leo, walioomba kumjengea Augusto mahekalu. Akaruhusu Pergamo na Nikomedia, ila aabudiwe pamoja na Roma, mungu wa kike wa mji wake. Tangu hapo matajiri waligombea ukuhani wa Kaisari, kwa kuwa ulileta heshima. Sikukuu yake ilikuwa na maandamano, michezo na dhabihu. Aliyejitenga siku hiyo alionekana na mji mzima. Tena watu waliamini kwamba miungu ikikosa haki yake, adhabu huwashukia wote. Kwa hiyo Mkristo aliyebaki nyumbani alikuwa, machoni pa jirani, mtu wa kuwaletea balaa.

Wayahudi nao walikataa sanamu, lakini dini yao ilikuwa ya kale na iliyojulikana, na hadi mwaka 66 hekalu la Yerusalemu lilitoa dhabihu kwa ajili ya Kaisari. Wakristo, wengi wao wakiwa wameacha miungu ya baba zao, hawakuwa na kinga hiyo.

Yapata mwaka 112 Plinio Mdogo, liwali wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trayano kuhusu watu walioshtakiwa kuwa Wakristo. Angalieni: walishtakiwa, yeye hakuwasaka. Kulikuwa hata na orodha ya majina isiyo na mwandishi. Waliokana aliwapima kwa kuwaambia waiombe miungu, watoe ubani na divai mbele ya sanamu ya Trayano, kisha wamlaani Kristo. Waliokiri aliwauliza mara tatu huku akiwatishia kifo. Walioshikilia wakauawa, na raia wa Rumi wakapelekwa Rumi. Akaandika kwamba, hata kama hakujua wanakiri nini, ukaidi wenyewe ulistahili adhabu.

Alitesa wajakazi wawili walioitwa mashemasi ili apate siri. Hakupata njama yoyote, ila alichokiita ushirikina uliopita kiasi. Lakini kukutana kwao kabla ya mapambazuko kulitosha kutia shaka, kwani vyama vilikuwa vimepigwa marufuku. Trayano huyohuyo alikuwa amekataa hata kikosi cha wazima moto Nikomedia, akihofia kitageuka chama cha siasa.

Katika jibu lake Trayano alisema wasisakwe, mashtaka yasiyo na jina yasipokewe, na anayekana asamehewe akiiomba "miungu yetu". Sanamu yake mwenyewe hakuitaja kabisa. Ni liwali aliyeiingiza barazani, na ni wenyeji waliowafikisha Wakristo mbele yake.