Dola 35 za «vipimo vya afya»

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu akiwa Katuba, sauti imejaa furaha: «Yaya, wamenichukua! Naenda Kolwezi!» Yeye ni fundi umeme, na miaka miwili sasa anatafuta kazi ya kudumu. Tangazo alilipata kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Lilikuwa na nembo ya kampuni kubwa ya madini, na lilisema wanatafuta watu 120, mshahara dola 850, nyumba na chakula juu ya kampuni. Alituma barua na vyeti asubuhi. Kabla ya saa sita mchana akajibiwa kwamba amechaguliwa.

Hapo ndipo ningetaka kila kijana wa Lubumbashi asimame kwanza. Hakuna aliyemhoji wala kumuuliza amewahi kufunga nyaya za aina gani. Mgodi unaompa mtu kazi kwenye umeme mkubwa bila kumpima ujuzi wake unaweza kumuua yeye na wenzake, na wenye migodi wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Ujumbe wa pili ulidai dola 35 za vipimo vya afya, zitakazorudishwa pamoja na mshahara wa kwanza. Akatuma kwa M-Pesa. Ujumbe wa uthibitisho ukaja na jina la mama mmoja, si la kampuni wala la hospitali. Kesho yake wakadai dola 60 za buti na kofia ya kazi.

Nilimuuliza kwa nini alilipa. Akanijibu: «Yaya, hapa kwetu nani anapata kazi bila kutoa kitu?» Jibu hilo liliniuma kuliko zile dola, kwa sababu matapeli hawa wanaishi kwa mazoea yetu wenyewe. Tumezoea kutoa madesu ili dosie isogee, kwa hiyo mtu akidaiwa pesa ya kazi haoni ajabu. Tena wanadai kidogo makusudi: dola 35 familia inaweza kukopa kwa jirani bila kuita kikao, na aliyekwisha kutoa 35 anaona uchungu kuziacha, hivyo anaongeza 60.

Mimi nasema usilipe hata franka moja, iwe wanaiita dhamana, vipimo, mafunzo au vifaa. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2019 gharama za kuajiri ambazo mfanyakazi hapaswi kutozwa, na humo mna vipimo vya afya, mafunzo, vifaa na safari. Umoja wa Mataifa nao, ambao jina lake linatumiwa sana na matapeli, unaandika wazi kwamba hautozi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri, na kwamba hauhitaji habari za akaunti ya benki ya mwombaji.

Kuhusu benki, tutofautishe. Ukishahojiwa na kutia saini mkataba, mwajiri wa kweli ataomba namba ya akaunti ili akuwekee mshahara, na hilo ni la kawaida. Lakini ili akulipe hahitaji namba ya siri, wala tarakimu 3 za nyuma ya kadi, wala ile kodi ya tarakimu za kuthibitisha inayoingia kwenye simu yako kwa ujumbe. Mdogo wangu waliidai hiyo kodi, eti ya «kufungua akaunti ya mshahara». Kodi ya namna hiyo ndiyo inayomruhusu mtu mwingine kuingia kwenye akaunti yako, au kuiteka WhatsApp yako na kuanza kukopa kwa ndugu zako kwa jina lako. Bahati nzuri alinipigia kabla ya kuituma.

Anwani waliyomwandikia iliishia na gmail.com. Si kila anwani ya gmail ni ya mwizi, maana kampuni ndogo nyingi za hapa zinaitumia, lakini kampuni inayoajiri watu 120 kwa siku moja ina anwani yake. Tulikwenda wenyewe hadi ofisi ya kampuni ile mjini, tangazo mkononi. Mlinzi wa mlangoni alilitazama, akasema: «Papa, wiki hii ninyi ni wa tatu.» Nauli ya basi tuliyolipa ilitupa ukweli ambao simu haikuweza kutupa.

Kuupigia mtandao wa simu ili uzuie pesa tulichelewa, zilikuwa zimekwisha kutolewa. Anayeshtuka mapema apige siku hiyohiyo, huenda bado zimo.

Ila kuna kitu kimoja hatuwezi kukirudisha: picha ya kadi yake ya mpiga kura, pande zote mbili, aliyowatumia tangu siku ya kwanza. Kwa picha ile mtu anaweza kujaribu kusajili laini ya simu, na mama yule wa kwenye ujumbe wa uthibitisho huenda naye aliwahi kutuma kadi yake kwa tangazo la kazi.